Mkono wa kushoto ukigoma: kutafuta kasoro kwenye besi ya Alberti

Kodi ya C ina sauti tatu: do, mi na so. Ukizibonyeza kwa pamoja, umepiga kodi nzima. Ukizivunja, ukaanza na ya chini, ukaruka hadi ya juu, ukarudi ya kati na kumalizia na ya juu tena, unapata do–so–mi–so, na hiyo ndiyo besi ya Alberti. Imeitwa hivyo kwa Domenico Alberti, mwanamuziki wa Venisi wa karne ya 18 aliyeitumia mno katika sonata zake, ingawa si yeye aliyeibuni.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeujua tayari mpangilio huo lakini unamkatikia njiani: mpiga kinanda mpya wa kwaya Malindi, au kijana wa Lamu aliyeachiwa kibodi ya kikundi cha taarabu na sasa anataka kusindikiza nyimbo nyepesi. Tumepanga kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako, lakini usiruke jaribio la mwanzo, maana watu hutesa vidole kwa miezi kumbe ubovu uko ndani ya kinanda.

Vidole vinahesabiwa hivi: gumba ni 1, cha shahada 2, cha kati 3, cha pete 4, kidogo 5. Mifano karibu yote iko katika C, yaani do ni C na unapiga vibao vyeupe pekee.

Kabla ya yote: kosa ni la mkono au la kinanda?

Piga do–so–mi–so mara nane mahali pako pa kawaida. Kisha hamisha mkono mzima oktava moja juu, vidole vilevile, nguvu ileile, upige tena mara nane. Kama nota inayokera ni ileile kwa kidole, tuseme gumba linapiga kelele huku na kule, kosa ni la mkono. Kama huku so inafoka na kule imetulia, kosa limebaki kwenye kibao, na hakuna zoezi la vidole litakaloliondoa.

Pwani hili la pili si la nadra. Kwenye kibodi nyingi zinazopokea nguvu ya kidole, chini ya kila kibao kuna mpira wenye vidoa viwili vyeusi vya kaboni. Kinanda hupima muda unaopita kati ya kugusa kidoa cha kwanza na cha pili. Muda mfupi hukitafsiri kuwa umepiga kwa nguvu. Vumbi na unyevu wa chumvi vikiziba kidoa kimoja, hesabu inaharibika: nota inatoka kwa sauti ya juu kabisa hata ukigusa polepole, au haitoki. Fundi anayejua kazi hii hufungua kinanda kikiwa hakina umeme wala betri, akapangusa vidoa na sehemu vinapogusa kwa pamba na spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme, taratibu, bila kusugua hadi kaboni itoke. Wewe kazi yako ni kukifunika. Kitambaa kizito cha pamba kinatosha, na kinanda kisikae mkabala na dirisha linalotazama baharini.

Kuna makosa mengine ya kinanda yanayofanana sana na kosa la mkono. Ukivunja kodi upande wa kushoto ukasikia kodi nzima, ngoma na besi vikijipiga vyenyewe, kitufe kilichoandikwa `ACMP` au `ACCOMP` kimewashwa, kizime. Nota zote zikitoka kwa nguvu moja hata ufanyeje, tafuta kitufe au menyu ya `TOUCH`. Ikiwa kinanda chako hakina kabisa uwezo huo, kumbuka jambo hilo utakapofika kwenye dalili ya gumba, kwa sababu tiba yake inabadilika. Na nota zikiganda na kulundikana ilhali hukugusa pedali, angalia `SUSTAIN`.

Dalili: mwendo ni mzuri hadi kodi inapobadilika, hapo unasimama

Hii ndiyo shida kubwa ya wanaoanza, na ina sababu tatu ambazo watu huzichanganya.

Sababu ya kwanza ni kuruka mbali bila haja. Anayeanza hufundishwa kodi ya C kama do–mi–so, ya F kama fa–la–do, ya G kama so–ti–re. Ni sahihi kwenye karatasi, lakini ukizipiga hivyo mkono unasafiri vibao vitatu vinne kila kipimo, na hakuna kidole kinachobaki mahali pake. Panga sauti hizohizo zikae karibu, na G uiongezee fa iwe G7:

C: do–so–mi–so, vidole 5–1–3–1
F: do–la–fa–la, vidole 5–1–2–1
G7: ti–so–fa–so, vidole 5–1–2–1

Tazama kinachotokea. Mkono uko juu ya vibao vitano, do hadi so, kila kidole na kibao chake. Kwenda F, gumba peke yake ndilo linalonyooka kibao kimoja hadi la. Kwenda G7, kidole kidogo peke yake ndicho kinachoshuka kibao kimoja hadi ti, iliyo chini ya do. Kidole cha 2 kilikuwa tayari juu ya fa tangu mwanzo. Hiyo G7 imeachwa bila re, na haidhuru. Ti na fa zinatosha kuifanya itamani kurudi C.

Sababu ya pili ni kuhamisha vidole vyote kwa mpigo mmoja, na huyu ndiye mwizi mkuu. Njia ya kumgundua ni kutazama mkono, si kusikiliza. Ukiona kwamba baada ya nota ya mwisho ya kipimo vidole vyote vinainuka hewani pamoja kisha vinatua pamoja kwenye kodi mpya, hilo pengo unalolisikia ndipo linapozaliwa. Kodi nzima inahitaji vidole vyote vifike kwa wakati mmoja. Kodi iliyovunjwa haihitaji hivyo. Inahitaji nota ya kwanza tu iwe tayari. Ya pili ina nusu pigo zima la kujiandaa, na ya tatu ina pigo zima.

Tuchukue wimbo mfupi wa vipimo vinne, kila kipimo mapigo manne. Mkono wa kulia unapiga hivi:

Kipimo 1, kodi ya C: mi mapigo mawili, so mapigo mawili
Kipimo 2, kodi ya F: la mawili, fa mawili
Kipimo 3, kodi ya G7: so moja, fa moja, re mawili
Kipimo 4, kodi ya C: do mapigo manne

Mkono wa kushoto unapiga nota mbili kwa kila pigo, kwa hiyo mpangilio unajirudia mara mbili katika kipimo kimoja, nota nane kwa jumla. Karibu kila mwanafunzi anakwama kutoka kipimo cha 2 kwenda cha 3. Hebu tuifuatilie nota kwa nota.

Kipimo cha 2 kushoto ni do–la–fa–la, do–la–fa–la. Kidole cha 5 kinapiga do kwa mara ya mwisho kwenye pigo la tatu, nota ya tano. Baada ya hapo hakina kazi hadi ti ya kipimo cha 3. Kwa mwendo wa mapigo 60 kwa dakika, kila nota ya kushoto inachukua nusu sekunde, kwa hiyo tangu kilipopiga do hiyo hadi kitakapodaiwa ti ni sekunde mbili kamili. Sekunde mbili za kusogea kibao kimoja! Anayekwama ni yule anayekiacha kidole hicho kimelala juu ya do mpaka dakika ya mwisho. Gumba nalo linamaliza la, kisha wakati kidole cha 5 kinapiga ti, lenyewe linarudi so. Kidole cha 2 hakisogei popote, fa ni ya kodi zote mbili.

Zoezi lake ni nota sita tu: nne za mwisho za kipimo cha 2 na mbili za kwanza za kipimo cha 3, yaani do–la–fa–la, ti–so. Piga, simama. Kitu cha kuangalia ni kimoja: mara do inapomaliza kulia, kidole cha 5 kiende kikakae juu ya ti bila kuibonyeza, wakati vingine vinaendelea kupiga. Ukiweza kufanya hivyo mara kumi mfululizo bila kukitazama, ongeza vipimo vyenyewe kwa mbele na kwa nyuma. Usianzie mwanzo wa wimbo kila unapokosea, kwa kuwa kufanya hivyo kunakupa mazoezi mengi ya kipimo cha 1 ambacho hakikuwa na shida.

Badiliko la kipimo cha 1 kwenda cha 2 ni kinyume chake. Hapo kidole cha 5 kinabaki do, na gumba ndilo linalohama, so hadi la, katika nusu pigo ambalo do inalia. Kutoka G7 kurudi C, gumba linabaki so, kidole cha 5 kinapanda ti hadi do, na zamu ya nota ya kati inatoka kwa kidole cha 2 kwenda cha 3. Badiliko hili la mwisho watu hulisahau, wakapiga do–so–fa–so. Ukisikia C yenye ukakasi, kidole cha 2 kimeng'ang'ania kazi isiyo yake tena.

Sababu ya tatu ni ya macho. Kwenye karatasi za kwaya kodi huandikwa kwa herufi juu ya maneno, na anayeanza huisoma herufi inapofika, kisha anaanza kujiuliza G7 inaanzia wapi. Chukua penseli uandike chini ya kila herufi nota ya kwanza ya mkono wa kushoto: C do, F do, G7 ti. Macho yakiiona ti mapema, kidole kinajua pa kwenda.

Dalili: mkono mmoja mmoja ni sawa, pamoja vinagongana

Rudi kipimo cha 3. Mkono wa kulia una so, kisha fa, kisha re. Wa kushoto una ti–so–fa–so, ti–so–fa–so. Kwenye pigo la pili mkono wa kulia unapiga fa, na wa kushoto unapiga nota yake ya tatu, ambayo nayo ni fa. Zinakutana sawasawa, kidole cha 2 upande wa kushoto. Wengi hupiga fa ya kulia mapema, pamoja na gumba la kushoto, kwa sababu gumba ndilo lenye uzito na sikio hulichukua kuwa ndilo pigo.

Usiongeze mwendo, punguza nota. Kwanza kushoto piga kodi nzima mara moja kwa kipimo huku kulia ukipiga wimbo. Hatua ya pili, kushoto piga nota ya chini kwenye mapigo ya kwanza na ya tatu, na zile mbili za juu pamoja kwenye ya pili na ya nne: ti, kisha fa na so pamoja. Hapo mikono yote miwili inatembea kwa mapigo kamili na fa ya kulia haina pa kupotelea. Hatua ya tatu ndipo unapovunja zile mbili za juu. Hatua ya pili ndiyo wanayoiruka watu, ilhali ukiishia hapo tu, kwa ibada au kwa sherehe, hakuna atakayekulaumu. Ni usindikizaji kamili.

Dalili: so inasikika kuliko wimbo

Hesabu nota nane za kipimo: nne kati yake zinapigwa na gumba, na zote zinaangukia kwenye nusu ya pigo, mahali ambapo hapatakiwi mkazo. Juu ya hayo gumba ni kidole kizito ambacho hakishuki kwa kukunjika kama vingine. Hushuka likiuburuta mkono. Matokeo yake ni wimbo unaochechemea, na nyuma yake so–so–so–so.

Weka simu hatua tatu kutoka kwenye kinanda, jirekodi, kisha sikiliza bila kutazama. Ukiweza kuimba so za kushoto kwa urahisi kuliko melodia, dalili imethibitika.

Tiba inaanzia kwenye umbali. Gumba lisiinuke juu ya kibao. Libaki limekigusa, likibonyeza kwa pembe yake ya nje karibu na ukucha, si kwa urefu wake wote. Kisha piga mpangilio mara nne huku vidole vya 5 na 3 vikitoa sauti na gumba likigusa tu bila kubonyeza. Utasikia do, kimya, mi, kimya. Mara ya tano liruhusu litoe sauti, ndogo kadiri inavyowezekana. Likianza kufoka, rudi kwenye kimya. Wanaofanya zoezi hili kwa haraka hawapati kitu, kwa sababu gumba linajifunza kutulia pale tu unapolipa muda wa kulihisi.

Kama kinanda chako hakipokei nguvu ya kidole, sahau hayo yote. Hapo nguvu haipo mikononi mwako, kwa hiyo punguza wingi: tumia ile hatua ya pili hapo juu, au piga melodia oktava moja juu ili itengane na msindikizo. Ikiwa kinanda kinaweza kugawa upande wa kushoto na wa kulia kwa `SPLIT`, shusha sauti ya upande wa kushoto. Ukimlaumu mwanafunzi mwenye kibodi ya aina hiyo kwamba mkono wake ni mzito, unamwonea.

Dalili: nota zinakwenda mbilimbili, hazilingani

Badala ya do–so–mi–so zilizo sawa, unasikia do-so, mi-so, kila jozi imebanana na pengo katikati. Mara nyingi ni gumba tena, linalokimbilia kibao kabla ya zamu yake. Wakati mwingine ni kidole cha 5 kilichokunjika vibaya: kifundo cha mwisho kinaingia ndani, kidole kinachelewa kuinuka, na do inaburuta.

Washa metronomu kwenye simu, mapigo 60, lakini panga mlio uangukie gumba badala ya do. Sema moyoni "na" kwa kila mlio. Ni vigumu dakika ya kwanza, kisha sikio linaanza kusikia kwamba gumba lilikuwa linawahi. Ukishazoea, anzisha mpangilio kutoka nota nyingine, so–mi–so–do, vidole vilevile. Jozi zinavunjika kwa sababu akili haina tena pa kuzifungia. Ongeza mwendo kwa mapigo manne manne tu, na usiongeze kabla ya kupiga mara tatu bila kosa.

Dalili: mkono unachoka au unauma baada ya dakika mbili tatu

Anayechoka kwa kawaida anainua kila kidole kivyake na kukishusha kwa nguvu. Besi ya Alberti ina njia nyepesi kuliko hiyo: kigasha chote kinageuka kidogo, upande wa kidole kidogo kisha upande wa gumba, kama mtu anayezungusha ufunguo kwenye kitasa. Do, geuka, so, geuka, mi, geuka, so. Vidole vinabaki karibu na vibao na uzito unahama wenyewe kutoka upande hadi upande. Ijaribu kwanza mbali na kinanda, kiganja kikitazama chini juu ya paja. Ukiona kiwiko kinapepea, umezidisha.

Halafu tazama kiti. Vibao vya piano ya kawaida viko kama sentimita 72 au 73 kutoka sakafuni. Meza ya kulia chakula ina karibu sentimita 75, na ukiiweka kibodi juu yake vibao vinafika 80 na kitu. Ukikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya hapo, viwiko vinakuwa chini ya vibao, kifundo cha mkono kinakunjika kwenda juu, na hakuna mbinu itakayokuokoa na uchovu. Kiwiko kiwe usawa wa vibao au juu yake kidogo. Pandisha kiti, au shusha kibodi. Maumivu makali au ganzi ya vidole ni sababu ya kuacha kupiga siku hiyo, na ikirudi, ya kumwona daktari.

Dalili: sauti imevurugika, kodi haisikiki vizuri

Huenda umeshuka mno. Sauti zinazokaribiana kama do na mi zikipigwa chini sana hugeuka mngurumo. Anza na do iliyo oktava moja chini ya do ya kati. Ukienda chini zaidi ya hapo, acha besi ya Alberti utumie nota moja moja. Mozart katika sonata ya C ya mwaka 1788, ile yenye namba K. 545, ameanzisha mkono wa kushoto kwenye do ya kati yenyewe, do–so–mi–so, na melodia iko juu yake tu. Kwenye kibodi ndogo ya vibao 61 nafasi hiyo inafaa sana, mradi mikono isigongane.

Pedali ni mtuhumiwa wa pili. Ukiikanyaga wakati wa F na kuiachilia baada ya kuingia G7, la na do za kodi iliyopita zinabaki zikilia juu ya ti na so. Iachilie nota ya kwanza ya kodi mpya inapogonga, kisha uikanyage tena mara moja. Kwa mpangilio huu, lakini, sisi tungemshauri anayeanza asiiguse kabisa, maana nota nane kwa kipimo zinajaza nafasi bila msaada.

Dalili: unapiga sawasawa lakini wimbo haukubali

Hapo kosa si la mkono, umechagua mpangilio usiofaa. Wimbo wa mapigo matatu hauwezi kupewa nota nne zinazojirudia. Ongeza jozi moja, do–so–mi–so–mi–so, vidole 5–1–3–1–3–1, au punguza hadi do kwenye pigo la kwanza kisha mi na so pamoja kwenye la pili na la tatu. Nyimbo zenye mwendo wa sita kwa nane, kama zile za chakacha, zinataka makundi ya tatu tatu: do–mi–so, do–mi–so, vidole 5–3–1. Ukizilazimishia besi ya Alberti, mwenye ngoma atakutazama vibaya, na ana haki.

Nyimbo za taarabu zinahitaji uangalifu zaidi. Melodia ikiwa katika makamu ya Hijazi, ngazi ya sauti ya muziki wa Kiarabu, tuseme kuanzia do, re yake imeshuka nusu sauti na mi imebaki juu, wakati la na ti nazo zimeshuka. Kodi ya G uliyozoea ina ti na re za kawaida, zote mbili zinapingana na mwimbaji. Iache. Shika do, so na do ya juu, zivunje do–so–do–so kwa vidole 5–2–1–2, bila mi wala ti, na usibadilishe kodi mpaka mwimbaji mwenyewe atue kwenye nota nyingine. Mkono mdogo usiofika oktava upige do–so–do–so kwa 5–1–5–1 ndani ya vibao vitano vilevile, do ya chini ikirudiwa.